Shajara ya mradi wa duka la mwani: herufi mbili zilizopishana

Jumatatu, 5 Mei 2025

Hesabu za mwezi wa nne zimefungwa, na kuna jambo halikai sawa. Shangazi anauza bidhaa zake sehemu mbili: kwenye meza yake Mji Mkongwe mwisho wa wiki, na kwenye tovuti ninayoitunza. Bidhaa ni zilezile: sabuni za aina kumi na moja, mafuta ya nazi, krimu, unga wa mwani, na vitu vidogo vidogo vya viungo. Mezani, sabuni ya mwani na mchaichai ndiyo inayoisha kwanza kila wiki. Watu wanainusa, wanaulizana, wanachukua viwili viwili. Mtandaoni, tangu iwekwe, haijauzika hata kipande kimoja.

Sabuni nyingine zinakwenda pande zote mbili. Ya karafuu inauzika mezani na inauzika mtandaoni. Ya manjano vivyo hivyo. Hii moja ndiyo imegawanyika, huku ya kwanza, kule ya mwisho.

Shangazi ameshakata shauri. "Basi tuiondoe huko kwenye simu, mwanangu. Watu wa mtandaoni hawaitaki." Namwelewa. Kipande cha sabuni hii kinakula muda kuliko zote. Mwani ananunua kwa kina mama wa Jambiani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na mashamba yanafikika kwa miguu. Unaoshwa kwa maji baridi mpaka chumvi itoke, unaanikwa, unasagwa, unachungwa. Na sasa ni masika, mwani hauanikiki siku mbili bila kukimbizwa ndani. Kutengeneza sabuni ya namna hiyo ikakaa kabatini ni hasara ya mikono, siyo ya fedha tu.

Nimemwomba tusiiondoe mpaka nijue kwa nini.

Alhamisi, 8 Mei

Kitu kinapokosa kuuzika, mtu wa kwanza anasema bei, wa pili anasema picha. Shangazi ameshabadilisha picha: sasa kipande kimekaa juu ya jani la mgomba, vidoadoa vya kijani vya mwani vinaonekana vizuri. Hakuna kilichobadilika. Kabla ya kugusa bei nimetaka kujibu swali moja dogo: watu wanaufungua ukurasa wa sabuni hii na kuondoka, au hawaufungui kabisa?

Haya ni magonjwa mawili tofauti. Ukurasa ukifunguliwa sana na oda zisije, basi bei, picha, maelezo au gharama ya kusafirisha ndiyo ya kuangalia. Ukurasa usipofunguliwa, hata ukiiuza bure hakuna atakayejua. Jibu lipo kwenye kumbukumbu za seva, ambazo zinaandika kila ukurasa ulioombwa, saa ngapi, na kutoka wapi.

Nimezipitia. Nikiondoa roboti za mitambo ya kutafutia na simu ya shangazi mwenyewe, ukurasa ule haujaguswa na karibu mtu yeyote. Ukurasa wa sabuni ya karafuu unafunguliwa kila siku.

Kwa hiyo bei haina hatia. Picha mpya haina hatia pia, wala ile ya zamani. Watu hawafiki.

Sababu moja nimeiona leo leo. Ukurasa wa sabuni unapanga bidhaa kwa zinazouzwa zaidi, na unaonyesha nane kwa mara moja. Sabuni isiyouzika iko ya kumi na moja kati ya kumi na moja, yaani iko ukurasa wa pili, chini kabisa. Ndiyo maana haionekani, na kwa sababu haionekani haiuziki, na kwa sababu haiuziki inabaki chini. Lakini hilo linaeleza kwa nini imebaki chini, halielezi ilianzaje kuzama. Sabuni zote zilianza na sifuri siku ileile. Zilizopanda zilipandishwa na watu waliozitafuta kwa jina.

Jumatano, 14 Mei

Ujumbe umeingia asubuhi kwenye simu ya duka, kutoka kwa mteja wa Tanga. Nauweka kama ulivyo:

"Assalaam alaykum dada. Samahani, sabuni yenu ya mwani mmeiandika mwnai. Nimeitafuta kwa jina lake nimeambiwa hakuna. Nimeipata kwa kutafuta mchaichai kwa sababu harufu yake naikumbuka. Nataka vipande sita, vinafika Tanga kwa siku ngapi?"

Nimefungua ukurasa. Nimesoma kichwa cha bidhaa: Sabuni ya mwani na mchaichai. Nimekisoma tena, sasa herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo. *Sabuni ya mwnai na mchaichai.* N imetangulia a.

Nimempa shangazi simu asome bila kumwambia kitu. Kasoma "sabuni ya mwani" bila kusita. Nikampa binamu, naye vilevile. Jicho la mtu anayejua kusoma halipiti kwenye kila herufi. Linachukua herufi ya mwanzo, ya mwisho, umbo la katikati, na maneno ya jirani, kisha linajijazia. Jirani hapa ni "sabuni ya", na picha yenye vidoadoa vya kijani iko juu yake. Anayelifahamu neno ndiye wa mwisho kuona kosa lake. Mashine haina msaada huo: kwake m-w-n-a-i na m-w-a-n-i ni vitu viwili visivyohusiana, kama karafuu na manjano.

Nimempigia mteja kumshukuru na kumwuliza hatua zake, moja moja, maana yeye ndiye shahidi pekee tuliye naye. Alinunua kipande mezani alipokuja Unguja harusini. Kimekwisha, akakumbuka jina la duka. Aliandika kwanza "sabuni ya mwani". Hakuna kilichopatikana. Akaandika "mwani" peke yake, yakaja mawili: unga wa mwani na krimu ya mwani. Hapo, kasema, angekuwa mtu mwingine angefikiri sabuni imesitishwa. Yeye alijua ipo. Akaandika mchaichai.

Hili nataka libaki kwenye shajara. Aliyegundua ni mtu aliyekwisha kuishika sabuni mkononi. Asiyeijua hawezi kulalamika kwamba haipo. Anaona unga na krimu, anaamini ndivyo vyote tulivyo navyo, anafunga simu. Kasoro ya namna hii haileti malalamiko, na duka likikaa kimya tunadhani hakuna anayetaka.

Vipande sita vimefungwa, vinaondoka na boti ya kesho kwenda Dar, kisha basi. Cha saba shangazi kakitia mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimepima kilichotokea ndani ya hifadhidata, ili nisitibu nisichokijua. Duka linatumia PostgreSQL, na kisanduku cha kutafutia kinasoma jina la bidhaa tu, hakisomi maelezo. Neno linalotafutwa linalinganishwa zima zima na maneno yaliyo kwenye faharasa. Jaribio ni hili:

```sql
SELECT to_tsvector('simple', 'Sabuni ya mwnai na mchaichai')
       @@ plainto_tsquery('simple', 'sabuni ya mwani');
```

Jibu ni `f`, siyo kweli. Utafutaji wa maneno matatu unadai yote matatu yawepo. Sabuni ipo, ya ipo, mwani haipo, basi bidhaa nzima imekataliwa. Kwenye maelezo chini ya picha neno mwani limeandikwa sawasawa kabisa, mara kadhaa, lakini huko kisanduku hakiangalii.

Hiyo `'simple'` ina maana yake. PostgreSQL inakuja na kanuni za kukata viambishi kwa lugha nyingi, za Kiingereza, Kirusi, Kituruki na nyingine, lakini Kiswahili hakimo. Kwa hiyo maneno yetu yanaingia kwenye faharasa kama yalivyoandikwa, herufi kubwa tu ndizo zinazogeuzwa ndogo. Hakuna kinacholainisha. Kilichoandikwa ndicho kinachopatikana.

Kisha nimeangalia watu walikuwa wanatafuta nini. Maneno yanayoandikwa kwenye kisanduku yanabaki kwenye kumbukumbu za seva kama sehemu ya anwani, kwa hiyo amri moja inayatoa na kuyahesabu:

```
grep -o 'q=[^ &]*' access.log | sort | uniq -c | sort -rn | head
```

`q=sabuni+ya+mwani` iko ya kwanza. `q=mwani` iko ya tatu. Seva yetu inatunza kumbukumbu za wiki mbili tu kisha inafuta, kwa hiyo za nyuma zimekwenda na hatutazijua. Lakini wiki mbili zinatosha: kitu kilichotafutwa kuliko vyote dukani ndicho tulichokuwa tunakaribia kukiondoa.

Kuna mtego mmoja hapa. Nilikuwa nawaza ningetafuta tu maneno yaliyoleta majibu sifuri. "Mwani" peke yake halikuleta sifuri, lilileta unga na krimu. Kwenye orodha ya sifuri lisingeonekana. Ni "sabuni ya mwani" ndiyo iliyopiga ukuta. Duka lenye bidhaa nyingi za mwani kuliko letu lingeficha kosa hili vizuri zaidi, maana utafutaji wowote ungerudi na kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya swala nimekaa na shangazi kumwuliza aliandikaje, siyo kwa kumtafutia lawama, bali nijue kosa linaingilia wapi. Anaandika kwenye simu, kwa dole gumba, akiwa jikoni. Ile kazi ya simu kujisahihisha ameizima siku nyingi, na nimeona kwa nini: kibodi imewekwa Kiingereza, kila akiandika neno la kwetu ilikuwa inaligeuza. Kwa kuwa haijui Kiswahili, inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno. Sabuni nyekundu, mchaichai nyekundu, mwnai nyekundu. Mstari ukiwa chini ya yote hauonyeshi kosa liko wapi. Anayeandika kwa lugha ambayo simu yake inaijua anapata tahadhari bure. Shangazi hakuipata, na wauzaji wengi ninaowafahamu hawaipati.

Simu nyingi zinaruhusu kuongeza lugha ya kibodi. Nimeongeza Kiswahili kwenye yake. Mstari mwekundu sasa unakuja mara moja moja, ingawa bado unaishuku "mchaichai".

Herufi mbili jirani kubadilishana siyo jambo la ajabu. Mwaka 1964 Fred Damerau, aliyekuwa akifanya kazi ya kutafuta maneno kwa kompyuta, alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne: herufi moja imezidi, moja imepungua, moja imebadilishwa na nyingine, au mbili za jirani zimepishana. Letu ni la nne. Na wapo waliopata hasara ya aina ya pili. Mwaka 2007 chupa ya zamani ya bia ya Allsopp's Arctic Ale, iliyotengenezwa mwaka 1852 kwa ajili ya msafara wa Sir Edward Belcher kwenda Aktiki, iliwekwa eBay jina likiwa na p moja badala ya mbili. Wakusanyaji wakitafuta Allsopp hawakuiona, ikauzwa kwa takriban dola 300. Aliyeinunua akaiweka tena kwa jina sahihi, na zabuni zikapita dola laki tano. Zabuni hiyo ya mwisho inasemekana haikulipwa, lakini umati uliojitokeza mara ya pili ulikuwepo na mara ya kwanza. Ulikuwa unatafuta neno jingine.

Jumamosi, 17 Mei

Kusahihisha jina ni kazi ya dakika. Kilichozunguka jina ndicho kimechukua asubuhi.

Tovuti inatengeneza anwani ya ukurasa kutokana na jina la bidhaa, na anwani ilikuwa `/bidhaa/sabuni-ya-mwnai-na-mchaichai`. Nikiibadilisha tu, kila kiungo shangazi alichowahi kumtumia mtu kitafunguka kwenye ukurasa mtupu, pamoja na kile cha mteja wa Tanga. Kwa hiyo anwani mpya imewekwa, na ya zamani inaelekezwa kwake moja kwa moja, kwa maelekezo ya kudumu ya 301, ambayo pia yanaiambia mitambo ya kutafutia kwamba ukurasa umehama kabisa. Maelezo ya picha nayo yalichukua jina lilelile, yamerekebishwa. Risiti zilizokwisha kutoka zimeachwa, haziguswi.

Jaribio la juzi limerudiwa kwa jina lililosahihishwa na sasa linatoa `t`, yaani kweli. Kisanduku, ukiandika sabuni ya mwani, kinaleta sabuni ya mwani.

Jumanne, 20 Mei

Binamu kauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: kwa nini kisanduku kisivumilie makosa, kama mitambo mikubwa inavyofanya? Nimelifikiria swali hili siku nzima, kwa sababu jibu la haraka lingetuletea tabu mpya.

PostgreSQL ina nyongeza iitwayo `pg_trgm`. Inakata kila neno vipande vya herufi tatu tatu, pamoja na nafasi za mwanzo na mwisho, kisha inaangalia maneno mawili yanashirikiana vipande vingapi. Nimeipa neno letu, na nikaipa jirani yake pia, maana tuna sabuni isiyo na harufu ya watoto wachanga inayoitwa "Sabuni ya mwana":

```sql
SELECT similarity('mwani', 'mwnai'),
       similarity('mwani', 'mwana');
```

Ya kwanza ni 0.2. Ya pili ni 0.5. Kiwango cha kawaida cha kukubali ni 0.3.

Ukifuata kwa mkono unaona kwa nini. "Mwani" ina vipande sita. "Mwnai" nayo sita, lakini wanashirikiana viwili tu vya mwanzoni, kwa sababu kupishana kwa herufi mbili katikati ya neno fupi kumevunja vingine vyote. Viwili kati ya kumi tofauti ni 0.2. "Mwana" inashirikiana vinne kati ya vinane. Maana yake, mteja anayetafuta mwani angeletewa sabuni ya mtoto mchanga, na sabuni ya mwani yenye kosa ingebaki gizani palepale ilipokuwa.

Kuhesabu mabadiliko ya herufi hakuokoi. Kwa kipimo cha Levenshtein, mwani na mwnai ziko mbali hatua mbili, kwa kuwa kipimo hicho hakijui kupishana, kinaona herufi mbili zimebadilishwa. Mwani na mwana ziko mbali hatua moja. Kipimo cha Damerau kinahesabu kupishana kama hatua moja, basi yanalingana, kosa na neno halali, na bado kisanduku hakiwezi kujua mteja anataka lipi.

Maneno yetu mengi ya dukani ni mafupi, na yana majirani wengi walio halali: mwani, mwana, mwari. Uvumilivu unaofaa kwa mchaichai, lenye herufi tisa na lisilo na jirani, ni hatari kwa mwani lenye tano. Nimeuwasha kwa maneno ya herufi saba kwenda juu tu, na kwa yale tu ambayo utafutaji wa kawaida umerudi mtupu. Kwa mafupi, njia ni kuyaandika sawa.

Alhamisi, 22 Mei

Njia ya kuyaandika sawa bila kutegemea jicho ni hii. Badala ya kusoma majina ya bidhaa yote, nimeiomba hifadhidata orodha ya maneno yanayotokea kwenye jina la bidhaa moja tu:

```sql
SELECT word FROM ts_stat(
  $$SELECT to_tsvector('simple', jina) FROM bidhaa$$)
WHERE ndoc = 1 ORDER BY word;
```

Kosa la kuchapa karibu kila mara ni neno pekee la aina yake. Mwani halali likirudiwa kwenye unga na krimu, haliingii kwenye orodha, mwnai lingeingia. Na likishatolewa nje ya sentensi yake, bila "sabuni ya" mbele yake wala picha juu yake, hata shangazi aliliona papo hapo nilipomwonyesha orodha ya zamani. Jicho limekosa cha kujijazia.

Orodha ya leo ni fupi, inasomeka kwa kikombe kimoja cha chai. Imetoa mengine mawili. "Karafu" kwenye mafuta ya kuchua, u moja imepungua. Na "iliki" imeandikwa "hiliki" kwenye bidhaa moja na "iliki" kwenye nyingine. Hili la pili siyo kosa, wateja wanaandika yote mawili, kwa hiyo nimeyaunganisha kama neno moja: ukitafuta moja unapata zote. Hali kadhalika mdalasini na dalasini.

Mipaka yake naiandika. Kosa lililozaa neno halali halitajitokeza kwa urahisi: mtu akiandika "sabuni ya mwana" akikusudia mwani, neno mwana lipo kwenye bidhaa nyingine na orodha haitasema kitu. Kwa hayo bado panahitajika mtu anayejua bidhaa, akilinganisha jina na picha.

Jumamosi, 24 Mei

Kisanduku sasa kinasoma na maelezo, siyo jina peke yake, jina likiwa na uzito zaidi. Kosa kwenye jina likitokea tena, maelezo yanaiokoa bidhaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa fujo. "Mwani" ilileta duka zima. Sababu imeonekana baada ya kusoma maelezo ya sabuni ya karafuu mpaka mwisho: shangazi amemalizia kila bidhaa kwa sentensi "Jaribu pia sabuni yetu ya mwani". Alikuwa anaitangaza miezi yote ile kwa moyo wake wote, kwenye kila ukurasa, na kila aliyeshawishika akaenda kuandika mwani kwenye kisanduku. Hilo limeniuma kuliko yote.

Sentensi zile zimehamishiwa kwenye sehemu yake ambayo kisanduku hakiisomi, na zimegeuzwa viungo: ukigusa unakwenda moja kwa moja kwenye sabuni, huandiki chochote. Kisha utafutaji umetulia: sabuni, krimu, unga, basi.

Jambo jingine la leo. Mpangilio wa "zinazouzwa zaidi" sasa unahesabu mauzo ya siku thelathini za karibuni, siyo ya tangu duka lianze. Bila hivyo sabuni ya mwani ingehitaji kuifukuza karafuu yenye mauzo ya miezi mingi, na ingebaki ukurasa wa pili hata jina likiwa sahihi.

Alhamisi, 29 Mei

Oda za sabuni ya mwani zimeanza kuingia, nyingi kutoka Dar, moja kutoka Mombasa. Nimeangalia mlolongo wao kwenye kumbukumbu: wanaandika sabuni ya mwani, wanafungua ukurasa, wanaagiza. Hatua tatu. Shangazi anauliza kila jioni, "Leo?" na mimi namwambia miji.

Tatizo la sasa ni jingine. Vipande vya mkupuo wa zamani vimekaa kabatini muda mrefu. Sabuni yenyewe haijaharibika, imekuwa ngumu zaidi na inakwisha polepole, jambo zuri. Lakini harufu ya mchaichai imepungua, kwa kuwa mafuta yake yanaruka kadiri muda unavyokwenda, na harufu ndiyo iliyomrudisha mteja wa Tanga. Shangazi hataki kuiuza kwa bei ileile. Ya zamani imewekwa kama bidhaa ya pili, bei chini, na maelezo yamesema wazi kwamba harufu ni hafifu. Imechukuliwa na mwenye nyumba ya wageni, kwa vyumba vyake.

Bamvua limeingia, mashamba yanafikika. Kaenda Jambiani kuchukua mwani mwingine, mvua ikiwa imepungua.

Jumanne, 10 Juni

Idi imepita. Mkupuo mpya ulimwagwa Jumapili ya tarehe mosi: mafuta ya nazi, mwani uliosagwa laini zaidi safari hii, na mchaichai umeongezwa kidogo baada ya kupimwa upya dhidi ya uzito wa mafuta. Sabuni ya namna hii inahitaji wiki nne kukomaa. Maji yanakauka, kipande kinakaza, na ukali wa kostiki unakwisha. Haitauzwa kabla ya tarehe 29.

Ukurasa sasa unasema "agiza mapema, inatoka tarehe 29 Juni", na maagizo yamekwisha kupita nusu ya mkupuo. Mteja wa Tanga yumo, kaomba vipande kumi na viwili, na katika ujumbe uleule kaandika kwamba kwenye ukurasa wa mafuta ya kuchua ujazo umeandikwa mililita mia kwenye picha na mia na hamsini kwenye maelezo. Nimepima chupa: mia. Maelezo yamerekebishwa.

Kilichobaki: kuiweka ile orodha ya maneno ya pekee ijitokeze yenyewe kila shangazi anapohifadhi bidhaa mpya, pale pale kwenye simu, kabla haijachapishwa. Neno ambalo halijawahi kuonekana dukani litaandikwa peke yake kwa herufi kubwa, na swali chini yake: ni sahihi? Nimeanza kuiandika jana. Inafanya kazi kwenye kompyuta, kwenye simu kitufe bado kinafunikwa na kibodi.